Yusufu, Yosefu na Joseph: namna ya kuonyesha kuwa ni jina moja

Nilipoanza kuandika kitabu cha ukoo wetu, nilikuta kwamba babu mzaa mama ameandikwa kwa namna tatu. Katika daftari la ubatizo la kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, padre Mjerumani alimwandika Josef. Juu ya kaburi lake pameandikwa Yosefu. Ndugu zake waliobaki katika Uislamu walimwita Yusufu mpaka siku alipofariki. Kutokana na hayo kulizuka ubishi ambao haukuwa mdogo, kwa sababu baadhi ya watoto wa mjomba walishikilia kwamba babu aliacha jina alilopewa na wazazi wake, ilhali mama mkubwa alisema kwamba babu hakuacha chochote. Mimi nilikubaliana na mama mkubwa, lakini nilipotakiwa kueleza kwa nini, sikuwa na la kusema isipokuwa kwamba majina hayo yanafanana. Makala hii inaeleza nilichojifunza baada ya hapo, kwa faida ya yeyote anayeandika historia ya ukoo au kamusi ya majina.

Kufanana si ushahidi. Yusufu na Yusra yanafanana kwa sikio kuliko Yusufu na José la Kihispania, lakini Yusra limetokana na mzizi wa Kiarabu y-s-r unaohusu wepesi na wala halina uhusiano na Yusufu, ilhali José ni Yusufu huyohuyo. Kinachohitajika ni kulirudisha kila jina nyuma hatua kwa hatua, lugha moja baada ya nyingine, na kuonyesha katika kila hatua kwamba badiliko la sauti unalolidai limetokea pia katika majina mengine. Badiliko lililotokea katika jina moja tu, ambalo huwezi kulionyesha mahali pengine, usilitegemee.

Jina letu linaanzia katika Kiebrania, ambako hutamkwa Yosef. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 30, mstari wa 24, kinaeleza kwamba Raheli alimpa mwanawe jina hilo akiomba aongezewe mwana mwingine, na kweli umbo la jina ni la kitenzi chenye maana ya kuongeza. Kwa kuwa lugha za Kisemiti hubeba maana ya neno hasa katika konsonanti zake, tunachopaswa kukishika mkononi ni konsonanti tatu: y, s, na ile ya mwisho, ambayo katika Kiebrania ni herufi moja inayosomwa p mwanzoni mwa neno na f inapofuata irabu. Tusishangae basi tunapokutana na f ya Yusuf upande mmoja na p ya Giuseppe la Kiitalia upande mwingine, kwa sababu p hiyo imetokana na ph ya Kigiriki na Kilatini, ambayo Wagiriki wa kale waliitamka kama p yenye pumzi.

Tufuate kwanza njia ya mashariki. Kiarabu fasaha hakina p, wala hakina irabu o na e kama sauti za kujitegemea, kwa hiyo Yosef lilipoingia Arabuni likawa Yusuf. Halikungoja Uislamu, kwani mfalme wa Himyar huko Yemen, Yusuf As'ar, aliyefuata dini ya Kiyahudi, alitajwa kwa jina hilo katika maandishi ya mawe ya karne ya 6, kabla Mtume Muhammad hajaanza kupokea wahyi. Irabu ya pili haikuwa imara hata miongoni mwa Waarabu, maana wanavyuoni wa lugha wameandika pia Yusif na Yusaf. Kwa sababu hiyo napendekeza usijenge hoja yako juu ya irabu moja iliyo peke yake.

Irabu inayobadilika kwa mpangilio, hata hivyo, ni ushahidi mzuri, na msomaji wa Kiswahili ana bahati ya kuuona ushahidi huo bila kufungua kitabu cha lugha nyingine. Panga majina yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu kando ya yale yaliyotufikia kwa njia ya makanisa: Yusufu na Yosefu, Yakubu na Yakobo, Yunusi na Yona. Mara tatu upande mmoja una u pale ambapo mwingine una o, na mara tatu konsonanti ya kwanza ni y pande zote mbili. Jozi moja ingeweza kutokea kwa bahati, lakini jozi tatu zinazokwenda kwa mwendo uleule ni kanuni. Jambo hili ndilo lililowanyamazisha watoto wa mjomba, kwa kuwa waliweza kuliona wenyewe kwenye karatasi.

Usidanganywe na u ya mwisho ya Yusufu na Yosefu. Hiyo imeongezwa na Kiswahili chenyewe, ambacho kwa desturi hufunga neno kwa irabu, na irabu inayoongezwa hufuata konsonanti iliyotangulia: baada ya sauti za midomo kama b, f na m huja u, kama katika Ayubu, Ibrahimu na kitabu, na baada ya sauti za ncha ya ulimi kama d, s na n huja i, kama katika Daudi, Idirisi na Haruni. Ukiona Yusufu na Yosefu yote yanaishia kwa fu, usihesabu kufanana huko kuwa hoja, kwa sababu kumetokea hapa kwetu.

Njia ya magharibi ni ndefu zaidi, na ndiyo iliyotuletea ile J inayowachanganya wengi. Wagiriki waliandika Ioseph, na Walatini wakaandika hivyohivyo, huku I ya mwanzo ikisomwa kama y yetu. Baadaye, Kilatini kilipogeuka kuwa lugha za Ulaya ya kusini na Kifaransa, y ya mwanzo wa neno ilikazwa ikawa sauti nyingine: Kiitalia kikapata Giuseppe, Kifaransa cha kale kikapata Joseph lenye j kama yetu, na Waingereza wakalipokea kutoka huko. Kipimo cha badiliko hili tunacho kwenye kalenda. Mwezi wa Julai umepewa jina la Julius Kaisari, ambaye watu wake wenyewe walimwita Yulius, na Waitalia leo humwita Giulio. Kilichotokea kwa Yulius ndicho kilichotokea kwa Yosef. Kihispania kilikwenda mbali zaidi, kwani j yake siku hizi hutamkwa kama kh, na f ya mwisho ikadondoka, lakini maandishi yake ya zamani bado yanaonyesha Josef na Joseph.

Kijerumani hakikupita katika badiliko hilo, na hapa ndipo fumbo la daftari letu lilipofunguka. Mjerumani akiandika Josef husoma Yosef. Padre yule hakumpa babu jina lenye sauti ya j hata kidogo, bali aliandika kwa herufi za kwao jina ambalo Wakatoliki wa Tanganyika waliendelea kuliita Yosefu, kama lilivyo hadi leo katika jina la Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Dar es Salaam. Umbo la Joseph lenye j ya Kiingereza liliingia katika ukoo wetu kwa wajukuu, shuleni. Kwa hiyo unaposoma daftari la zamani, jiulize kwanza aliyeshika kalamu alisema lugha gani, kabla hujaanza kupima sauti. Na usidhani kwamba Yosefu ni umbo la Wakristo wote, kwa sababu Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, inayosomwa sana na Waprotestanti, inaandika Yusufu kwa mwana wa Yakobo na kwa mume wa Mariamu vilevile.

Kuna hoja nyingine ambayo watu huitanguliza, nayo ni ya mwenye jina: sura ya 12 ya Kurani, yenye aya 111, na sura za mwisho za kitabu cha Mwanzo zinasimulia habari za kijana yuleyule aliyetupwa shimoni na ndugu zake na kuishia kuwa mkubwa huko Misri. Hoja hii inasaidia, lakini peke yake inaweza kukupoteza, na mimi ilinipoteza. Katika rasimu yangu ya kwanza niliandika kwamba Yahya ni Yohana na Isa ni Yesu kwa namna ileile ambayo Yusufu ni Yosefu, kwa kuwa watajwa ni walewale. Shekhe mmoja mzee, jirani yetu, alinirudishia karatasi na kuniuliza n ya Yohana imekwenda wapi katika Yahya. Sikuwa na jibu. Kiebrania ni Yohanan, Wakristo wa Kiarabu husema Yuhanna, na n ipo kote huko. Kuna wataalamu wanaodhani kwamba Yahya lilitokana na maandishi ya zamani yasiyo na nukta, ambamo n na y za katikati ya neno hazitofautiani, na wengine wanaliona kuwa jina la Kiarabu lililokuwapo tayari, hawajaafikiana. Isa nalo linaanza kwa herufi ya ain, ilhali Yeshua la Kiebrania linaishia kwa ain hiyo, na Wakristo wa Kiarabu husema Yasu', wakiiacha ain mahali pake mwishoni. Mtu anaweza kuwa mmoja na majina yake yasiwe ndugu waliothibitishwa, na kitabu cha ukoo hakina budi kutenganisha mambo hayo mawili.

Mara nyingine herufi moja ya ziada hukuonyesha njia iliyopitwa. Yunusi na Ilyasi yana s ya mwisho ambayo Kiebrania hakina, kwani chenyewe husema Yona na Eliyahu. Kigiriki ndicho kinachosema Ionas na Elias, na kwa hiyo s hiyo inaashiria kwamba majina haya yalipitia mikononi mwa watu waliotumia maumbo ya Kigiriki kabla ya kufika kwa Waarabu. Yusufu halina alama ya namna hiyo.

Ukiandika kwa ajili ya wasomaji makini, angalia pia neno unalotumia kuutaja uhusiano. Mtu la Kiswahili, omuntu la Kiganda na umuntu la Kizulu ni ndugu kwa kuzaliwa, kwa maana kila lugha imelirithi neno hilo kutoka kwa mama mmoja wa Kibantu. Yusufu na Joseph hayakurithiwa hivyo, bali yote mawili ni mikopo iliyotoka kwa mkopeshaji mmoja, Kiebrania, na kupita njia mbili. Mimi huandika kwamba ni majina yenye chimbuko moja, kisha naeleza kila jina limepitia wapi.

Katika kitabu chetu nimeandika hivi: Yusufu, kutoka Kiarabu Yusuf, Yosefu, kutoka Kilatini na Kijerumani Josef, ambalo limetoka Kigiriki Ioseph, yote kutoka Kiebrania Yosef. Chini yake nimetaja jina la baba na kijiji kama yalivyoandikwa katika daftari la ubatizo, kwa sababu chimbuko la jina linaonyesha tu kwamba majina ni mamoja, wala halionyeshi kwamba Josef wa daftarini ndiye babu yetu. Hilo limethibitishwa na jina la baba yake na kijiji chake. Yahya na Yohana nimewaacha katika kurasa mbili tofauti, kila mmoja akiwa na maelezo yanayompeleka msomaji kwa mwenzake.