Saundiba inayokatika usiku: yaliyonikuta kwenye nyumba ya Mkomani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Malindi aliniandikia. Kanunua saundiba yenye sabufa na spika mbili za nyuma zisizo na waya, mchana zinapiga vizuri kabisa, lakini ikifika saa mbili usiku muziki unakatika, unarudi, unakatika tena. Ameshairudisha dukani akabadilishiwa, na hiyo nyingine inafanya yale yale. Akamalizia: "Kaka, niambie ukweli, nimeuziwa feki?"

Nilipousoma ujumbe ule, moyo ulinirudi kwenye sebule moja ya Mkomani, Lamu, ambako nilitolewa mbele ya wageni. Sijawahi kuliandika hili. Leo naliandika kwa sababu najua wengi mnaonisoma mnataka kile nilichokitaka mimi: kukaa sebuleni, taa zimepunguzwa, sauti ya filamu ikuzunguke mbele na nyuma.

Nyumba yenyewe ni ya mawe ya matumbawe, ghorofa tatu, na mwenyewe, bibi mmoja wa heshima zake, anapangisha vyumba kwa wageni. Aliponiita nimfungie spika sebuleni, alinipa sharti moja tu: nisiguse chokaa. Hakuna kuchimba ukuta, hakuna kupitisha waya juu ya boriti. Nikaona kazi nyepesi. Nikamletea saundiba, sabufa na spika mbili za nyuma ambazo waya wake ni wa umeme peke yake, zile za nyuma nikaziingiza kwenye zidaka za ukuta wa mwisho wa sebule. Zilipendeza, kama zidaka zile zilichongwa kwa ajili yake. Nikajaribu saa sita mchana, peke yangu, simu mkononi, nikiwa nimesimama mbele ya saundiba. Sauti safi. Nikalipwa, nikaenda zangu.

Usiku ule ule simu ikaita.

Nilirudi siku tatu, zote mchana, na kila nikifika hakuna tatizo. Mara ya pili nilibadilisha sabufa kwa pesa zangu. Mara ya tatu alinikuta ukumbini, wageni wamekaa, akasema kwa sauti ya kusikika: "Mwanangu, chukua vitu vyako. Umeniuzia takataka." Nilitembea mpaka mtaa wa Langoni bila kumwona niliyepishana naye. Neno lile bado linaniuma, kwa sababu vitu vyangu havikuwa takataka. Ni mimi sikujua nilichokuwa nimekifunga.

Nilimwomba usiku mmoja tu, nikae pale kuanzia magharibi. Alikubali, bila kunitazama usoni. Na usiku ule ndio ulionifundisha kazi hii.

Jambo la kwanza nililolifanya ndilo nimwambialo kila mtu alifanye kabla ya jambo jingine lolote, nalo ni kutenganisha njia mbili. Mnaposema "blutuuthi inakatika" mara nyingi mnachanganya vitu viwili. Njia ya kwanza ni ile inayotoa muziki kwenye simu kuupeleka kwenye saundiba: hiyo ni blutuuthi. Njia ya pili ni ile inayotoa sauti kwenye saundiba kuipeleka kwa spika za nyuma na sabufa: hiyo kwa kawaida si blutuuthi, ni mawimbi ya redio ya mfumo wa kampuni iliyotengeneza saundiba, na ndiyo maana spika za nyuma huzioni kwenye orodha ya simu yako, wala huwezi kuzifunganisha na saundiba ya kampuni nyingine. Kila njia ina maradhi yake. Basi nilizima blutuuthi kwenye simu, nikachomeka waya kutoka runinga hadi tundu la saundiba lililoandikwa HDMI ARC, nikaweka filamu saa mbili usiku, nikakaa.

Sauti ya mbele haikukatika hata mara moja kwa nusu saa. Spika ya nyuma ya kushoto ndiyo ilipotea na kurudi. Kumbe nilikuwa na wagonjwa wawili, nami siku zote nilikuwa natafuta mmoja.

Nianze na blutuuthi. Inasafiri kwenye masafa ya gigahezi 2.4, yale yale yanayotumiwa na waifai ya kawaida. Chukulia masafa hayo kuwa ni vichochoro 79 vilivyopangana. Blutuuthi haikai kwenye kichochoro kimoja, inaruka kutoka kimoja hadi kingine kufikia mara 1,600 kwa sekunde, na ikiona kichochoro kimejaa punda wenye mizigo inakiepuka na kupita vingine. Waifai haifanyi hivyo. Inakaa sehemu moja na kuziba vichochoro ishirini na ushei kwa pamoja, na ikiwekwa kwenye upana wa megahezi 40 inaziba karibu nusu ya mji. Saundiba huweka akiba ndogo ya sauti ili kufidia vifurushi vinavyochelewa. Vikichelewa vingi mfululizo, akiba inaisha, nawe unasikia kimya.

Sasa tazama nyumba zetu. Ukuta wa matumbawe una unene wa karibu nusu mita na unanyonya unyevu, na maji ndiyo yanayomeza mawimbi haya. Kwa hiyo waifai haifiki vyumbani. Bibi yule, kama wenye nyumba wengi wa Lamu, aliongeza visanduku vya kuvutia waifai, vinne, kila ghorofa na angalau kimoja. Visanduku vile hupokea na kurusha tena kila kitu kwenye chaneli ile ile ya ruta, yaani neno moja linasemwa mara mbili. Mchana wageni wako ufukweni Shela, hakuna anayetumia. Wakirudi usiku kila mmoja anafungua video chumbani kwake, na hapo ndipo muziki ulipokuwa ukikatika. Saundiba haikuwa na tatizo na saa mbili usiku, ilikuwa na tatizo na wageni kurudi. Na mimi nilikuja kupima saa sita mchana!

Kibaya zaidi, ruta yenyewe ilikaa juu ya kabati la runinga, shubiri moja kutoka kwenye saundiba. Niliizima dakika tano, na muziki wa simu ukatiririka bila kikwazo. Nikaiwasha, ukakatika. Huo ndio uthibitisho, na haugharimu hata shilingi. Kifaa kinachorusha kwa nguvu kikiwa karibu hivyo hukiziba masikio kipokezi hata kama hakiko kwenye kichochoro kile kile, kama mtu anayepiga kelele ubavuni mwako wakati unamsikiliza aliye mbali.

Tukaihamisha ruta hadi kwenye ngazi, kama mita tatu kutoka kwenye runinga. Nikaingia kwenye mipangilio yake, upande wa 2.4 GHz, nikateremsha upana kutoka megahezi 40 hadi 20 na kuiweka chaneli 1, mwanzoni mwa vichochoro, ili vichochoro vingi vibaki wazi. Simu za wageni na runinga nikazihamishia waifai ya 5 GHz, ambako blutuuthi haipiti, pale inapofika. Visanduku viwili vya waifai tukavizima kwa sababu vilikuwa vinarudia kazi ya wenzao. Usiku ule ule, wageni wote wamo ndani, simu iliyowekwa mezani mita mbili kutoka kwenye saundiba ilipiga mpaka tukachoka.

Lakini nisikudanganye kuhusu umbali. Ule wa mita kumi unaotajwa kwa blutuuthi ni mahali peupe. Mita kumi za sebule kubwa sawa, mita nne zenye ukuta wa matumbawe katikati si sawa, na simu iliyo mfuko wa nyuma, mwili wako ukiwa kati yake na saundiba, nayo huenda isifike vizuri. Mwili wa mtu ni maji. Ukitaka kupanda darini na simu muziki ubaki chini, hiyo kazi si ya blutuuthi.

Mgonjwa wa pili alikuwa kosa langu halisi. Spika ya kushoto niliisukuma ndani kabisa ya kidaka kwa ajili ya uzuri: mawe nyuma, mawe ubavuni, na mbele yake kochi ambalo watu hukaa. Taa yake ilikuwa ikitulia sebule ikiwa tupu, na kuanza kupepesa watu wakikaa. Taa iliyotulia maana yake spika imeshikana na saundiba, inayopepesa maana yake inaitafuta. Nilikaa chini nikaitazama taa ile ikipepesa kila bwana mmoja alipoegemea kochi. Nikaitoa spika kwenye kidaka, nikaiweka juu ya kigoda kirefu, usawa wa kupita juu ya vichwa, ikaiona saundiba moja kwa moja. Haijapotea tena. Ya kulia ilibaki kidakani, lakini niliivuta mpaka ukingoni.

Na kabla hujasema spika za nyuma zimekatika, hakikisha zimepewa kazi. Muziki wa simu unafika kwa sauti mbili tu, kushoto na kulia. Saundiba nyingi huzinyamazisha spika za nyuma hapo mpaka ubonyeze kitufe cha rimoti cha kutandaza sauti. Taa imetulia na hakuna sauti? Hiyo si hitilafu.

Yale malalamiko mengine ya nyumba ile, kwamba wageni wapya "wanakataliwa" na saundiba, yalikuwa mepesi. Saundiba inakumbuka simu kadhaa lakini inacheza ya mmoja kwa wakati. Mgeni wa chumba cha juu alikuwa amelala huku simu yake bado imeishika. Sasa kuna kadi mezani: ukimaliza, kata muunganisho kwenye simu yako.

Bibi yule hakuniomba radhi, nami sikungoja. Aliniambia tu, "Njoo na ile nyumba ya dada yangu." Nimefunga nyumba nyingi tangu hapo, na hakuna hata moja niliyoipima mchana nikaondoka. Nanyi mafundi wenzangu, acheni kuwaambia watu warudishe vitu dukani kabla hamjakaa nao usiku mmoja. Mnawatia watu hasara, na mnawapa jina baya wenzenu.

Yule kijana wa Malindi nilimwambia achomeke waya kwanza, saa mbili usiku, halafu azime ruta dakika tano. Juzi akajibu: kwa waya sauti ya mbele haikatiki, na ruta ikizimwa blutuuthi imetulia. Ruta ilikuwa nyuma ya runinga. Ameisogeza. Spika yake ya nyuma ya kulia bado inapotea, na nimemwomba anipigie picha ya kochi.