Doa jeupe si sawa na doa jeusi: kusafisha skani za negativu za zamani

"Naskani negativu za nyeusi na nyeupe alizoacha marehemu baba. Nikiwasha ile ya kuondoa vumbi kwenye skana, nyuso zinaharibika kuliko mwanzo. Na kuna madoa ya kuvu yametambaa kama mizizi. Nitoke vipi hapo?"

Mkuu, kwanza izime hiyo kitu. Inatumia miali ya infraredi. Kwenye filamu ya rangi, rangi zinaiacha miali ipite, vumbi linaizuia, kwa hiyo skana inajua doa liko wapi. Filamu ya nyeusi na nyeupe ya kawaida imebeba picha yake kwenye fedha halisi, na fedha inaizuia miali vilevile kama vumbi. Skana inadhani nusu ya sura ya mzee ni uchafu, inaanza kuifuta. Itakufaa tu kwenye zile chache za nyeusi na nyeupe zinazosafishwa kwa dawa za filamu ya rangi.

Kabla ya kuskani, puliza vumbi kwa kipulizio cha mpira, basi. Usioshe kwa maji! Kuvu hula gelatini, ule utando unaoshika picha, na gelatini iliyoliwa huyeyuka ikilowa. Mimi nilipitisha kitambaa chenye unyevu juu ya negativu moja ya harusi, kikatoka na rangi ya kijivu. Ile kijivu ilikuwa bega la bibi harusi.

Skani kwa biti 16, hifadhi TIFF, na uzime kunoa. Mimi natumia 3200 ppi. Fremu ya milimita 36 kwa 24 inatoa kama pikseli 4535 kwa 3024, inatosha kabisa. Faili hilo liache lilivyo, fanyia kazi nakala. Kunoa na kuongeza kontrasti ni mwisho kabisa, maana ukinoa mapema kila punje ya vumbi inapata ukingo mkali na inakuwa ngumu kufuta.

Sasa ugeuze iwe pozitivu, uikuze mpaka 100%, uangalie doa lina rangi gani. Vumbi limezuia mwanga, kwa hiyo linatokea jeupe. Mkwaruzo wa upande unaong'aa unatawanya mwanga, nao mara nyingi hutokea mweupe, ila picha iliyo chini yake bado ipo. Mkwaruzo mweusi ndio wa kuogopa: emulsheni, yaani utando wenyewe wa picha, imekwanguliwa, hapo hakuna picha tena.

Ukishajua hilo, kazi inakuwa nyepesi. Kwenye programu ya GIMP, rudufu leya, chukua zana ya Clone, na kwenye Mode chagua Darken only. Sampuli ichukue sentimita moja hivi pembeni kwenye skrini, sehemu yenye mwanga uleule, kisha pita juu ya doa jeupe. Brashi itabadilisha zile pikseli zilizo nyeupe kuliko sampuli tu. Zilizo nyeusi zaidi haizigusi. Ndiyo maana chembe za filamu zinabaki na ngozi haiwi plastiki. Kwa mkwaruzo mweusi geuza iwe Lighten only. Vichujio vya kusafisha picha nzima kwa mpigo mimi siviamini; vinalamba chembe, kope na vifungo vya shati pamoja na vumbi.

Kuvu ni mchanganyiko wa yote mawili. Nilikuwa na picha ya mjomba, uzi wa kuvu umetoka kwenye kola, ukapanda shavuni, ukaishia pembeni ya jicho. Nyuzi zenyewe nyeupe, lakini katikati ya kila fundo kuna kidoa cheusi, pale gelatini ilipoliwa. Nilipitia nyuzi zote kwa Darken only, brashi pana kidogo tu kuliko uzi, nikifuata mwelekeo wake. Halafu nikabadili, nikavimaliza vidoa vyeusi. Shavuni nilitumia Heal, inalainisha mpaka vizuri. Nilipofika kwenye kola nikaiacha, kwa sababu Heal ikigusa mpaka wa cheupe na cheusi inavuta weusi ndani na kuacha doa la moshi. Hapo rudi kwenye Clone, na sampuli uichukue kwenye mpaka huohuo wa kola, juu kidogo.

Ilinichukua kama dakika arobaini, nyingi zikiwa za jicho. Kona ya jicho ilikuwa imeliwa kweli. Fremu iliyofuata kwenye ukanda huohuo ilikuwa na mjomba yuleyule, kichwa hakijageuka, nikaazima kona kutoka huko. Kama nisingekuwa na fremu hiyo ningeliacha doa lilivyo, kuliko kumchorea mtu jicho ambalo halikuwa lake.

Kila baada ya muda zima leya ya juu uone ya chini. Ukiona sehemu uliyosafisha imekuwa laini kuliko jirani yake, au kuna baka lilelile limejirudia mara mbili, umechukua sampuli karibu mno. Tendua uanze sehemu hiyo upya.