Kodi utampa nani?

"Mama, mwenye nyumba wetu amefariki na wanawe wanataka kuuza. Mkataba wangu umebakiza miezi saba. Watanitoa?"

Mwanangu,

Mkataba haufi na aliyeutia sahihi. Mwenye nyumba akifariki, nyumba na mkataba wake vyote huingia kwenye mirathi, na anayenunua nyumba yenye mpangaji kwa kawaida huichukua pamoja na mpangaji huyo mpaka muda wake uishe. Ila soma vipengele vyote. Kama kipo kinachoruhusu mkataba kuvunjwa nyumba ikiuzwa, hicho ndicho kitakachokutoa. Na anayepanga mwezi kwa mwezi hana kinga hiyo, notisi inatosha.

Mimi kinachoninyima usingizi si kutolewa. Ni kodi ya mwezi ujao utampa nani.

Unaikumbuka nyumba ya geti la bluu. Mzee alizikwa Ijumaa, Jumatatu kijana wake mkubwa akabisha hodi, amevaa koti la marehemu, mkononi funguo zile zile za mzee. Baba yako akamhesabia kodi ya miezi mitatu pale pale kwenye ngazi. Risiti hatukuomba, tuliona haya, msiba ulikuwa bado mbichi. Mwezi wa pili akaja dada yake na barua ya mahakama: yeye ndiye msimamizi wa mirathi. Katika hesabu zake tulikuwa tunadaiwa miezi mitatu. Tukalipa tena. Kijana hakuonekana. Mpaka leo nikiona koti la rangi ile, moyo unanishtuka.

Lakini mfiwa utamwambiaje alete karatasi? Nimejiuliza miaka yote hiyo. Unaweza, mwanangu. Mwambie kwa upole: kodi ipo, nitamkabidhi atakayekuja na barua ya mahakama. Kisha iweke kando kweli, kila mwezi, na uwaandikie wanawe wote kwamba ipo inamsubiri msimamizi. Usiseme hakuna wa kumlipa ukaitumia, maana malimbikizo yatawapa sababu halali ya kukutoa. Pesa isiyo na risiti haikulipwa, nimekwambia tangu unasoma.

Na amana yako je? Muuzaji atasema alimkabidhi mnunuzi, mnunuzi atasema hajaona kitu. Omba barua moja yenye sahihi zao wote wawili, itaje kiasi. Na usianze kumlipa mnunuzi kwa sababu tu amejitambulisha mlangoni. Subiri msimamizi mwenyewe akuandikie kwamba nyumba imeuzwa na kodi sasa iende kwa fulani. Pesa isiyo na risiti haikulipwa, hata kwa mwenye nyumba mpya.

Wakikupa fidia ili uhame mapema, uamuzi ni wako. Ningekuwa mimi... basi, nanyamaza. Nipigie picha ukurasa wa mkataba wenye neno "kuuza", unitumie leo.

Mama yako