Slaidi ya mkia wa njiwa: pima na pini za saizi mbili mbele ya kukata

Bandugu mafundi, slaidi ya mkia wa njiwa ikifika kwa atelie, wengi wanaweka pini mbili kwenye pembe za chini, moja kila upande, wanapima juu yake na palmeri, wanafanya hesabu ya digrii 60 kisha wanawasha mashini. Mimi nasema ngoja kwanza, juu hiyo hesabu inategemea digrii ambayo hamujaihakikisha.

Chukua kipande kimoja kilichofika hapa Lubumbashi. Plani inataka upana wa chini, pale ubavu unapokutana na sakafu, uwe 60 mm, kimo 12 mm, digrii 60. Kwa digrii 60 unazidisha kipenyo cha pini na 2,732 halafu unajumlisha na upana, kwa hiyo pini za 10 mm zilipaswa kutoa 87,32. Palmeri ikasoma 87,46. Ukiishia hapo utasema kimezidi 0,14, tuondoe.

Nikatoa zile pini nikaweka za 6 mm, ikasoma 76,48. Sasa hauhitaji hata kujua digrii. M1 na M2 ni vipimo vya palmeri juu ya pini kubwa na ndogo, d1 na d2 ni vipenyo vya hizo pini, k inashika nafasi ya ile 2,732, na W ni upana wa chini:

```
k = (M1 - M2) / (d1 - d2)
W = M1 - k × d1
```

Tofauti ya vipimo ni 10,98, gawa na 4 unapata 2,745. Zidisha na 10, toa kwa 87,46, unabaki na 60,01. Upana uko sawa kabisa! Kinachokosea ni pembe, iko karibu digrii 59,6, njo maana ubavu umetoka nje kama 0,1 mm kwenye ukingo wa juu kila upande na ukipaka rangi ya bluu inashika huko juu tu. Chuma cha kuondoa kiko pale, unaanza na sifuri chini unapanda mpaka 0,1 juu. Ukikata 0,14 kwa upana wote, slaidi inabaki na 59,87 na inacheza, na pembe bado mbaya.

Lakini hii njia inataka mkono mtulivu, juu ukikosea 0,01 tu kwenye pini ndogo, upana unakosea 0,025. Chagua saizi zinazoachana sana, ila pini kubwa lazima iguse ubavu wenyewe: kwa digrii 60 inagusa kwenye kimo cha robo tatu ya kipenyo chake, ya 10 inagusa kwa 7,5, na kimo chetu ni 12, inaenea. Pini zenyewe zipime na palmeri (rola za beringi zinafaa sana), usiamini namba ya kwenye boksi. Safisha pembe mpaka mwisho, kisha zungusha pini na kidole, ikiruka-ruka kuna limayi chini yake na hicho kipimo usikiandike. Na pima ncha zote mbili za slaidi, zikitofautiana basi mbavu haziendi sambamba, na hiyo ni kazi ingine ya kurekebisha mbele ya kugusa pembe.