Gari limerudi, mtungi una ngapi? Kwa wauguzi na madereva wapya wa ambulansi

Wadogo zetu mliopangiwa gari la wagonjwa mwaka huu, karibuni. Tumepitia madaftari yenu ya ukaguzi ya wiki chache zilizopita na kwenye mstari wa oksijeni tumekuta alama ya vema, vema, vema, kila siku. Alama ya vema haimwambii mtu kitu. Mtungi wenye nusu unapata vema, na mtungi uliobaki na pumzi ya dakika tano unapata vema ileile. Hapa tunazungumzia gari la kituo cha afya linalopeleka rufaa za akina mama hospitali ya wilaya, maana ndiyo safari mtakayoifanya mara nyingi kuliko zote.

1. Mtungi. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo makosa yaleyale yanaporudi kila wanapokuja wapya.

Chukueni mtungi mdogo wa kwenye gari, ule ambao ujazo wake wa maji ni lita 5. Geji ikisoma 120 kwa kipimo cha bar, zidisha: 5 mara 120, unapata lita 600 za oksijeni. Mama aliyevuja damu amepelekwa kwa mwendo wa saa moja, anapewa lita 6 kwa dakika. Ametumia lita 360. Zimebaki 240, kwa hiyo geji inasoma 48. Gari linarudi kituoni saa nne usiku, watu wamechoka. Mtu anafunga kitufe cha mtiririko, kile cha kuongeza na kupunguza lita, anasikia kimya, anaondoka. Vali ya mtungi yenyewe imebaki wazi.

Sasa pale regyuleta inapokaa kwenye mtungi kuna washa ndogo. Ikichakaa, au ikiwa regyuleta haikukazwa vizuri, inavujisha kidogo sana. Hata nusu lita kwa dakika, ambayo huwezi kuisikia injini ikinguruma, inatosha kuharibu kila kitu. Toka saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri ni saa saba, yaani dakika 420. Lita 210 zimekwenda hewani. Simu ya rufaa inaingia alfajiri, mtoto mchanga hapumui vizuri, na mtungi una lita 30. Daftari linasema vema.

Kosa la pili ni pacha wa hilo na linadanganya zaidi. Mtu anakumbuka kufunga vali ya mtungi, lakini hatoi presha iliyobaki ndani ya regyuleta. Sindano ya geji inabaki palepale kwenye 120 japokuwa vali imefungwa. Anayekuja asubuhi anaona 120, anaamini mtungi uko wazi na umejaa, anamvisha mgonjwa barakoa, anafungua lita 10. Inatoka kwa sekunde chache, halafu sindano inaanguka. Wakati huo gari liko kwenye mashimo, taa ya nyuma ni hafifu, na ufunguo wa mtungi haujulikani uliko.

Kwa hiyo kila safari ikiisha, fanyeni hivi, kwa mpangilio huu. Mtiririko ukiwa umefungwa, fungua vali ya mtungi polepole na usome namba. Funga vali, halafu iangalie sindano kwa dakika mbili bila kugusa kitu. Ikishuka, kuna mahali panapovuja: kaza regyuleta, badilisha washa, rudia. Ikitulia, fungua mtiririko upulize presha yote mpaka geji irudi 0, kisha funga mtiririko. Geji inayosoma 0 kwenye gari lililoegeshwa ni dalili njema, na namba halisi iko kwenye daftari. Washa za akiba mbili zikae kwenye mfuko mdogo, na ufunguo ufungwe kwa kamba kwenye kishikizo cha mtungi. Msipake mafuta wala grisi kwenye nyuzi za mtungi, hata kama zinakwama. Oksijeni yenye presha ikikutana na grisi inawaka.

Na mtungi unabadilishwa lini? Hesabuni safari yenu, msisubiri sindano ifike eneo jekundu. Kama hospitali iko mwendo wa dakika 60 na mgonjwa anaweza kuhitaji lita 10, hiyo ni 600. Ongezeni nusu yake kwa ajili ya tope na tairi: 900. Mtungi mmoja wa lita 5 hata ukijaa 137 unatoa kama lita 685 tu. Ndiyo maana tunasema miwili, na miwili yote isomwe.

2. Usafi kabla ya kujaza. Ondoeni ncha kali kwanza. Sefti boksi iliyofika robo tatu inafungwa na kutolewa, haisukumizwi. Damu ifutwe kwa klorini ya asilimia 0.5, ambayo kwa jiki ya asilimia 3.5 ni kipimo kimoja cha jiki na sita vya maji. Iache dakika 10, kisha suuza, maana klorini inakula vyuma vya machela. Mkijaza kabla ya kusafisha, maboksi ya kanula yanalowa, na kanula ambayo pakiti yake imelowa ni ya kutupa.

3. Hesabuni kilichobaki, msihesabu mnachokumbuka kutumia. Mkikabidhi mgonjwa, muuguzi wa leba anaomba kanula moja, dripu inabaki imetundikwa kwake, blanketi linaondoka na mama. Hakuna anayeandika hayo. Kwa mama anayevuja damu tunataka njia mbili kubwa, za kijivu au za kijani, na kwenye barabara ya vumbi moja huharibika. Basi kijivu ziwe nne na kijani nne kila gari linapotoka. Mpira wa dripu uwe sawa na idadi ya chupa za ringa, na mmoja wa ziada. Pakiti ya kuzalishia ikifunguliwa, hata kama kilichotumika ni glovu tu, inabadilishwa nzima.

4. Oksitosini hailali kwenye gari. Inakaa nyuzi 2 hadi 8, na gari lililoegeshwa juani linaiua bila kubadilisha rangi yake. Safari ikiisha irudi kwenye friji ya leba, itoke tena na kibebeo cha baridi simu ikipigwa.

5. Ambu begi. Ikitoka kuoshwa, watu huiunganisha vibaya, hasa ile vali laini yenye umbo la mdomo wa bata. Ziba tundu la mgonjwa kwa kiganja, kamua. Ikikataa kukamulika, ni nzima. Ikilegea, hewa inatoka pengine. Ya mtoto ina vali ya kupunguza presha, kwa hiyo itapumua kidogo hapo. Hiyo ni kawaida. Barakoa za namba 0 na 1 ndizo zinazopotea, maana zinaingia mfukoni.

6. Mashine ya kufyonza ichomekwe ukutani gari linapoegeshwa. Kuijaribu, bana mpira wake: geji ifike 300 mmHg ndani ya sekunde 4. Isipofika, angalieni kwanza mfuniko wa chupa, mara nyingi umekaa upande.

Kuanzia zamu ya leo mstari wa oksijeni uandikwe hivi, na aliyeusoma aweke sahihi: Mtungi A 48, Mtungi B 130, saa 4:20 usiku, sindano imetulia dakika mbili, vali zimefungwa, geji 0, A unakwenda kujazwa.