Usimpelekee Chifu Barua Kabla Hujajua Mzee Anakataa Nini

"Naratibu mradi wa maji wa kijiji huku Kakamega. Bomba kuu linapaswa kupita kwenye mashamba tisa. Wenye mashamba manane wamekubali, ila mzee mmoja amekataa katakata. Nimeshauriwa nimwandikie chifu barua ili amwite barazani. Barua hiyo iandikwe vipi, na ucheleweshaji huu niueleze vipi kwenye ripoti ya mfadhili?"

Barua hiyo usiiandike. Ikiwa umekwisha kuiandika, iache mfukoni, na ikiwa umekwisha kuipeleka, nenda leo kabla jua halijazama ukaiombe irudi. Mimi niliipeleka ya kwangu, nayo ikanigharimu wiki 11, shilingi 264,000 ambazo mkandarasi alidai kwa siku 22 alizokaa bure, na salamu za nusu ya kijiji.

Mradi wetu ulikuwa Vihiga, upande wa Maragoli. Chemchemi iko bondeni, pampu ya sola inasukuma maji hadi kwenye tangi lililo mlimani, na kutoka hapo yanateremka yenyewe kwa bomba la plastiki la milimita 63 hadi kwenye vioski vinne na zahanati. Katikati ya safari hiyo bomba lilipaswa kukata shamba la chai la mzee mmoja kwa mita 70 hivi. Kulizunguka kungeongeza mita 240, na karibu nusu yake ni mwamba, yale mawe ya Maragoli ambayo mgeni huyapiga picha na mchimba mtaro huyalaani. Mzee alisema hataki chai yake iharibiwe. Tukaahidi fidia, akataja shilingi 40,000, tukakubali, na wiki iliyofuata ikawa 150,000. Mimi nikaona tamaa. Sikujiuliza kwa nini mtu aliyepewa alichokiomba anaonekana kuwa na wasiwasi zaidi kuliko alipokuwa hajapewa.

Hapo ndipo alipoingia mtaalamu wetu. Mradi ulikuwa umetulipia mafunzo ya siku tatu katika hoteli moja mjini Kisumu, na mkufunzi akachora mraba wenye vyumba vinne, akamweka mzee wangu katika chumba cha watu wenye pingamizi kubwa na nguvu kidogo, kisha akatamka kwa sauti ya mtu asiyewahi kufukuzwa na mbwa wa mwenye shamba kwamba watu wa chumba hicho hungoja tu kuisikia serikali. Alilipwa, akala samaki wake, akaenda zake. Niliyerudi kijijini na mraba ni mimi. Karatasi yake bado ninayo ofisini, ingawa tumeigeuza, na upande wa nyuma ndio ratiba ya zamu za walinzi wa pampu, kwa hiyo siwezi kusema mafunzo yale hayakuleta faida yoyote.

Niliandika barua kwa chifu, nakala kwa ofisi ya kaunti ndogo. Ndani yake niliweka maneno "anazuia maendeleo ya jamii", ambayo niliyaona ya kiofisi tu. Chifu aliitisha baraza siku ya Jumanne na kuisoma barua nzima kwa sauti. Mzee alikuja akiwa amevaa koti lake la kanisani, na safu ya pili nyuma yake alikuwa ameketi mkwewe, mume wa binti yake wa kwanza, aliyekuwa amefika kwa shughuli nyingine kabisa. Nawe unatoka huku kwetu, huhitaji kuelezwa maana ya kusemwa hivyo mbele ya mkwe. Mzee hakujibu neno. Alivaa kofia yake, akainuka, akapita katikati ya watu polepole. Asubuhi yake nilikuta vigingi vyote 14 tulivyokuwa tumepigilia shambani mwake kuonyesha njia ya bomba viko mlangoni pa ofisi yetu, vimefungwa vizuri kwa kamba ya mkonge kama mzigo wa kuni wa kuuza. Kabla ya wiki kwisha, watu watatu waliokuwa wamekwisha kukubali walirudisha fomu zao. Mmoja aliniambia bila hasira yoyote kwamba kama aliyesema hapana ametendewa vile, basi yeye hajui ile "ndiyo" yake ilikuwa na thamani gani.

Na sasa jambo ambalo mshauri wako hakukuambia, kama wangu ambavyo hakuniambia: chifu hana mamlaka ya kuamuru bomba lipite kwenye shamba la mtu. Anaweza kuita, kusuluhisha na kushuhudia, basi. Njia ya kupitisha bomba kwa nguvu ya sheria imo katika Sheria ya Ardhi ya 2012, nayo hupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi, kwa ombi la kaunti au taasisi inayotambulika, kwa ilani na kwa fidia. Kwa hiyo nilipomkimbilia chifu nilikuwa nimemtisha mzee kwa fimbo ambayo haipo. Yeye alilijua hilo; asiyelijua nilikuwa mimi.

Nilikwenda kwake kuomba radhi nikiwa na liguru wetu na mzee mmoja wa kanisa lake, bila fomu wala kalamu. Ziara ya kwanza tulikunywa chai tukazungumzia bei ya majani ya chai. Ya pili alinikemea kwa muda wa saa nzima, nami nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawaliamini. Ya tatu nilimuuliza swali moja ambalo sasa ndilo ninaloanza nalo kila mahali: "Mzee, tuseme leo nina hizo 150,000 hapa mkononi. Utatia sahihi leo?" Alikaa kimya kwa muda mrefu. Kimya hicho kilinionyesha kwamba tatizo si pesa. Bei ilikuwa imepanda kwa sababu alihitaji nikatae.

Akaniambia tutembee. Mwisho wa shamba kuna mti wa lusiola wa mpakani, na alipoufikia aliweka kiganja kwenye gome lake. "Huu tuliupanda na ndugu yangu, marehemu sasa. Fomu yako ina mstari mmoja tu wa sahihi, kijana."

Mstari huo niliuchapa mwenyewe. Hati ya shamba lile ilikuwa bado kwa jina la baba yao, aliyefariki zamani, na mirathi haikuwahi kufunguliwa. Wana wa ndugu yake walikuwa wakidai sehemu yao, na mzee alikuwa amefanikiwa kuituliza nyumba kwa kutogusa karatasi yoyote. Angetia sahihi peke yake, wangesema amejitangaza mwenye shamba. Tena hofu yake ilikuwa na msingi: Sheria ya Urithi inakataza mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama, na kosa hilo lina adhabu. Mimi nilikuwa nikimsukuma mtu mwenye busara kuliko fomu yangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kwa hiyo sitayarefusha. Kamati ilikaa ikagawa ukurasa wa daftari sehemu mbili, tunachoweza kutoa na tusichoweza. Tulitoa haya: bomba lihamie kandokando ya ua badala ya kukata chai, mtaro uchimbwe sentimita 90 badala ya 60 ili jembe lisiufikie, na michai itakayong'olewa ithaminiwe na afisa wa kilimo kwa kipimo kile kile cha majirani wote. Fomu tuliiandika upya. Ilisema wazi kwamba ni ridhaa ya kupitisha bomba tu, kwamba haiamui shamba ni la nani, na kwamba haki ya njia itasajiliwa mirathi ikikamilika. Ilikuwa na mistari saba ya sahihi, na wana wa marehemu waliitia sahihi zao siku moja na baba yao mdogo, naibu wa chifu akiwa shahidi. Ndiyo, serikali ilikuja, ila ilikuja kushuhudia, na mzee ndiye aliyemwita.

Tusichoweza kutoa kilikuwa maji ya bure ya milele. Aliyaomba, na nilimjibu papo hapo kwamba hapana, kwa sababu kila anayepitiwa na bomba angekuwa na haki ya kudai vivyo hivyo na kioski kisingeweza kumlipa hata mlinzi. Hakukasirika. Nadhani alitaka kuona kama nina mahali ninaposimama, maana mtu anayekubali kila kitu humfanya mwenzake ajiulize ni nini kingine kinauzwa.

Kanuni yangu basi ni hii moja, na ikiwa utasahau mengine yote niliyoandika, hii isikutoke: mtu asisikie kwa mkubwa jambo ambalo hukumwambia wewe mwenyewe uso kwa uso. Siku ya ziara ya nne nilimwambia mzee hivi: "Tumepeana siku 14. Zikipita bila sahihi, nitamwomba liguru na wazee wa ukoo watukalishe. Wakishindwa, kamati itapiga kura kuhusu kuzunguka mwambani, na gharama yake itatajwa mkutanoni bila jina lako. Ombi la kaunti kwa tume ya ardhi ndilo la mwisho, na barua yake utaisoma kabla haijatoka ofisini kwangu." Aliniomba nirudie ile sehemu ya jina lake kutotajwa. Nilirudia. Nilimweleza pia kwamba mpaka mmoja hauna siku 14: kibarua akitishiwa kwa panga, nitapiga simu polisi saa hiyo hiyo, awe ni mpwa wake au mwanangu.

Ngazi hizo hatukuzipanda. Sahihi zilipatikana siku ya tisa, lakini mvua za masika zilikuwa zimekwisha kuanza, kuta za mtaro uliobaki wazi tangu lile baraza zilikuwa zimebomoka, na vibarua walilipwa mara mbili kuchimba mita zile zile. Hesabu hiyo haimo katika zile 264,000; sikuwa na moyo wa kuijumlisha.

Kwa hiyo kabla hujaniuliza tena habari za barua, nenda ukaketi, kisha uniambie hapa: hati ya shamba la mzee wako iko kwa jina la nani, na fomu yako ina mistari mingapi ya sahihi?