Daraja si hatua

*Assalaam alaykum Mwalimu. Nasomea uuguzi hapa Pemba. Kwenye jaribio tuliulizwa: "Bibi ana saratani ya titi. Uvimbe ni milimita 16, tezi 12 za kwapani zimechunguzwa na hazina saratani, hakuna ilikosambaa, daraja la 3. Yuko hatua gani?" Nusu ya darasa tuliandika hatua ya tatu, tukakosa. Kwani daraja na hatua si kitu kimoja? Na ule uvimbe ambao si saratani, ni sawa kuuita "uvimbe usio hatari"?*
Msomaji, Chake Chake

Wa alaykum salaam, mwanangu. Jibu lilikuwa hatua ya kwanza, na kilichowakosesha ni lugha kuliko uuguzi.

Hatua ni neno la Kiarabu, *khutwa*, mguu unaponyanyuliwa na kutuliwa mbele. Kwa hiyo hatua hupigwa, na anayezihesabu anapima mwendo. Daraja nalo ni la Kiarabu, lakini daraja halipigwi: mtu hupewa daraja, au huwekwa katika daraja, kwa jinsi alivyo. Ndiyo maana matokeo ya kidato cha nne hutolewa kwa madaraja. Sasa kumbuka kwamba saratani, kwa Kiarabu, ni kaa. Wayunani wa kale nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Daraja ni kaa huyo alivyo mkali. Hatua ni pale alipofika akitambaa. Kaa mkali anaweza kukamatwa mlangoni mwa shimo lake, na kaa mpole akaachwa mpaka akavuka ufukwe mzima.

Tuichukue karatasi ya bibi wa mtihani wenu. Daraja lake limetoka kwenye hadubini, si penginepo. Kipande cha uvimbe kimekatwa vipande vyembamba mno, kikatiwa rangi, na mtaalamu akatazama mambo matatu. La kwanza, je, seli bado zinajipanga kuwa vijibomba kama zinavyofanya katika titi zima, au zimetawanyika ovyo? La pili, viini vya seli vinafanana, au kimoja kikubwa kingine kidogo? La tatu, ni seli ngapi zimekutwa zikijigawa? Kila jambo hupewa alama 1 mpaka 3. Jumla ya 3 hadi 5 ni daraja la 1, 6 au 7 ni daraja la 2, 8 au 9 ni daraja la 3. Tuseme bibi huyu alipata 3 kwa vijibomba, 3 kwa viini na 2 kwa kujigawa. Hiyo ni 8, basi daraja la 3. Katika hesabu hiyo yote hukuona milimita, wala kwapa, wala ini, wala mfupa.

Hatua ndiyo inayouliza hayo. Uvimbe una ukubwa gani? Umefika kwenye tezi? Umeruka kwenda kiungo cha mbali? Milimita 16 haijavuka 20, tezi ni safi, mbali hakuna kitu: hatua ya kwanza. Mgeuze sasa uone. Bibi mwingine ana alama 2, 2 na 1, jumla 5, daraja la 1, seli zake karibu zifanane na za titi lenyewe. Lakini alikaa na uvimbe miaka mpaka ukafika sentimita 6, na tezi mbili za kwapani zimekutwa na saratani. Huyo yuko hatua ya tatu. Namba 3 na namba 1 zimebadilishana mahali, na wagonjwa hawa wawili hawafanani hata kidogo.

Nalisisitiza hili kwa sababu limepita nyumbani kwetu. Shangazi yangu alipewa bahasha ya kaki, ndani karatasi yenye `G3 pT1c pN0`. Aliyetusomea alisema "ya tatu" bila kusema ya tatu ya nini. Mpaka kufika nyumbani imeshakuwa "hatua ya tatu", na jioni hiyo watu wakaanza kuja kukaa barazani kama waliokuja matangani. Shangazi akasema asipandishwe boti kwenda Dar, aachwe afie kwake. Wiki mbili zilipita hivyo. Kumbe G3 ni daraja la tatu; pT1c ilikuwa ikisema milimita zisizozidi 20, na pN0 ikisema tezi safi, jambo ambalo kila aliyekaa pale barazani angelipenda kulisikia. Daraja la 3 lilikuwa na maana yake, ndiyo. Ni sababu ya daktari kushauri dawa nzito hata kwa uvimbe mdogo. Lakini halikusema umefika wapi. Kwa hiyo ukiwa wodini usiitaje namba bila jina lake. Sema "daraja la tatu, yaani seli zake ni kali", kisha "hatua ya kwanza, yaani bado uko pale pale ulipoanza".

Ama "uvimbe usio hatari", mimi siutumii. Kwanza *uvimbe* peke yake ni neno pana: mguu ulioteguka una uvimbe, jipu ni uvimbe, na seli zilizozidi kuota ni uvimbe. Kinachotenganisha huu wa mwisho na saratani si hatari, ni mwenendo. Usio wa saratani hukua taratibu, huisukuma nyama ya jirani bila kuiingia, mara nyingi una ngozi yake inayouzunguka, na hausafiri. Kile kivimbe cha titi cha wasichana ambacho ukikibonyeza hukimbia chini ya vidole ni cha namna hiyo. Wa saratani hupenya utando ulioizuia seli isitoke, ukapeleka miguu ndani ya nyama ya jirani, na ndiyo maana wakati mwingine hushika palepale ukiusukuma. (Vidole vinatia shaka tu; hukumu ni ya hadubini.) Lakini uvimbe usio wa saratani ukiota kwenye utando wa ubongo, fuvu halitanuki, na unaweza kuua. Fibroidi nazo si saratani, na wapo wanaotoka damu mpaka wakaongezewa. Utamwambiaje huyo kwamba wake "si hatari"? Mwambie "uvimbe usio wa saratani". Ni refu kidogo, lakini ni la kweli.

Na kwa kuwa haujapiga hatua, hauna hatua. Ukisikia mtu anasema fibroidi yake ni "hatua ya pili", muulize kwa upole alikusudia ukubwa au nini.

Mitihanini angalia mambo mawili. Mwongozo wa Marekani ulioanza kutumika 2018 umeleta, kwa titi, namna nyingine ya kuhesabu hatua, inayochanganya daraja na vipokezi vya homoni pamoja na ukubwa na tezi. Swali lenu halikutaja vipokezi, kwa hiyo lilitaka ile ya ukubwa, tezi na msambao. Jambo la pili ni uvimbe unaoota ndani ya ubongo wenyewe: huwekwa madaraja 1 mpaka 4, na kwa kuwa ni nadra kutoka nje ya ubongo na uti wa mgongo, kwa kawaida hauhesabiwi hatua. Huko ukiulizwa daraja, jibu daraja, usiongeze hatua.